Hisa za upendeleo zinapohesabiwa deni: soma kifungu cha gawio kabla ya kuhamisha namba

Swali: Mimi ni mhasibu wa kampuni ya kubangua korosho hapa Mtwara. Siku ya kwanza ya mwaka huu wa hesabu mwekezaji alituletea shilingi milioni 600, akapewa hisa za upendeleo zenye gawio la asilimia 12 kwa mwaka, na zitakombolewa baada ya miaka mitano. BRELA zimesajiliwa kama hisa, nami nimeziweka kwenye mtaji. Mkaguzi anasema nizihamishie kwenye madeni. Hisa inakuwaje deni? Na kama ni deni, ni zote au sehemu?

Jibu: Mkaguzi wako ana haki kwa jambo moja: hizo milioni 600 haziwezi kubaki zote kwenye mtaji. Lakini kama zihamie zote au sehemu, maelezo uliyonipa hayatoshi kuamua, na sina hakika kama yeye mwenyewe amekwisha kuamua kwa kusoma mkataba. Kifungu cha ukombozi, yaani cha kumrudishia mwekezaji fedha ya hisa zake, ndicho kinachofanya pawepo deni. Kifungu cha gawio ndicho kinachosema deni hilo ni kubwa kiasi gani. Wengi husoma cha kwanza, wakashtuka, wakahamisha kila kitu bila kufika cha pili.

Nianze na BRELA, maana ndipo ulipokwama. Usajili unasema nani ni mwanahisa na ana hisa za aina gani. Kisheria huyo mwekezaji ni mwanahisa na ataendelea kuwa mwanahisa. Mizania haiulizi hivyo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32 kinaangalia kiini cha makubaliano badala ya jina lililoandikwa kwenye cheti, na swali lake ni moja: je, kampuni inayo haki ya kukataa kabisa kumpa mwenye hisa fedha, bila kuvunja mkataba? Ikiwa inayo, hicho ni mtaji. Ikiwa haina, hilo ni deni, hata kama cheti kimechapishwa kwa wino wa dhahabu. Kampuni zinazotumia viwango vya kampuni ndogo na za kati hazikwepi hapa, kwa sababu sehemu ya 22 ya viwango hivyo inataja hisa za upendeleo zenye ukombozi wa lazima kwa jina, na inaziita deni.

Sasa fungua katiba ya kampuni pamoja na mkataba wa mwekezaji, uvisome sambamba, maana mara nyingi kimoja kinasema "inaweza" na kingine kinasema "itapaswa". Tafuta kitenzi cha ukombozi. "Kampuni itazikomboa hisa hizi ifikapo mwisho wa mwaka wa tano kwa thamani yake" ni lazima, na lazima ni deni. "Mwenye hisa anaweza kudai zikombolewe" nalo ni deni, hata kama mwekezaji anaapa kwamba hana mpango wa kudai, kwa kuwa uamuzi uko mikononi mwake na kampuni haina la kusema. "Kampuni inaweza, kwa hiari yake, kuzikomboa" ni jambo tofauti kabisa: hapo kampuni ikinyamaza miaka ishirini hakuna aliyeonewa, na kwa upande wa ukombozi hakuna deni mpaka siku kampuni itakapotumia hiari hiyo, kwa kawaida kwa kuwapa wanahisa taarifa rasmi kwamba inazikomboa. Wewe umeandika "zitakombolewa", kwa hiyo nachukulia ni lazima.

Kuna hoja moja ambayo mkurugenzi wako ataileta, na si ya kijinga. Sheria ya Kampuni hairuhusu kukomboa hisa kwa fedha yoyote uliyonayo. Inataka itoke kwenye faida inayoweza kugawiwa au kwenye hisa mpya zilizotolewa kwa ajili hiyo. Basi atasema: tukifika mwaka wa tano hatuna faida, hatutakomboa, kwa hiyo tunayo njia ya kukataa. Kiwango kimeiona hoja hii na kuijibu moja kwa moja. Kushindwa kulipa kwa sababu huna fedha, huna faida ya kutosha, au sheria imekuzuia kwa muda, hakufuti wajibu. Anayedaiwa asiye na kitu mfukoni bado anadaiwa.

Jihadhari pia na vifungu vya "endapo". Katika mikataba ya huku kwetu si ajabu mwekezaji akaweka kinga dhidi ya mambo ya msimu: endapo utaratibu wa kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani utabadilishwa na Serikali, hisa zitarudishwa kwa fedha. Tukio hilo haliko mikononi mwa kampuni wala mwa mwekezaji. Kampuni haiwezi kulizuia, kwa hiyo haina haki ya kukataa kulipa likitokea, na hisa ni deni tangu siku ya kwanza. Usingoje litokee. Kinachosamehewa ni masharti ya kufikirika yasiyo na uhalisia wowote, na yale yanayofanya kazi kampuni inapofilisiwa tu.

Tuje kwenye gawio, ambako ndiko penye kazi. "Asilimia 12 kwa mwaka" peke yake haisemi lolote. Hata hisa za upendeleo ambazo gawio lake linategemea uamuzi wa bodi huwa na asilimia iliyoandikwa. Asilimia hiyo ni kiwango cha juu cha haki yao, na si lazima iwe ahadi. Unachotafuta ni nani anaamua, na nini kinatokea mwaka ambao gawio halikulipwa.

Kama kifungu kinasema gawio litalipwa kila mwaka, tangazo la bodi liwepo lisiwepo, basi kampuni haina pa kukatalia. Inarudisha milioni 600 na inalipa milioni 72 kila mwaka. Huo ni mkopo uliovaa kanzu ya hisa, na zote ni deni.

Kama kinasema gawio litalipwa kila mwaka ambao kampuni ina faida, watu hudhani hilo ni hiari. Si hiari. Faida itapatikana au haitapatikana kutokana na bei ya korosho ghafi mnadani, bei ya korosho iliyobanguliwa kwenye soko la nje, umeme, na mengine ambayo bodi haiyaamrishi. Faida ikipatikana, kulipa ni lazima. Hizi nazo ni deni zote.

Kama kinasema gawio litalipwa pale tu bodi itakapoona inafaa kulitangaza, hapo ndipo hisa zinagawanyika sehemu mbili: ukombozi ni deni, na haki ya gawio ni mtaji.

Halafu kuna neno linalowachanganya hata wakaguzi: limbikizi. Gawio limbikizi ni lile ambalo lisipolipwa mwaka huu linabebwa mwaka ujao. Wapo wanaoona neno hilo na kuandika "deni" papo hapo. Neno lenyewe halitoshi. Fuata limbikizo mpaka mwisho wake. Ikiwa maana yake ni kwamba wanahisa wa kawaida hawatapata hata senti mpaka wa upendeleo walipwe ya nyuma, lakini bodi bado inaweza kutomlipa yeyote, basi hiari ipo na sehemu ya gawio inabaki mtaji. Lakini ikiwa siku ya ukombozi mwenye hisa atalipwa thamani ya hisa pamoja na magawio yote yaliyolimbikizwa, hiari hiyo ni ya kuchagua tarehe tu. Usipolipa mwaka wa pili utalipa mwaka wa tano. Hapo hakuna sehemu ya mtaji. Zote ni deni. Kwa hiyo usiishie kwenye kifungu cha gawio. Rudi kwenye kile kinachoeleza kiasi cha ukombozi na uone kama kina maneno "pamoja na gawio lolote ambalo halijalipwa". Maneno hayo matano au sita yana uzito wa zaidi ya milioni mia mbili kwenye mizania yako, kama utakavyoona.

Tuchukue njia zote mbili kwa namba zako. Nachukulia gawio linalipwa mwisho wa kila mwaka, na kwamba kampuni yenu ingekopa mkopo wa kawaida wa miaka mitano, usio na chembe ya mtaji ndani yake, kwa asilimia 12. Hii ya pili lazima uipate mwenyewe kwa ushahidi: barua ya benki, au mkopo mlionao wa muda unaolingana. Usichukue asilimia ya gawio ukaiita riba ya soko kwa sababu tu iko karibu. Hapa nimezilinganisha ili hesabu ifuatike.

Njia ya kwanza, gawio ni la lazima. Deni linaanza na milioni 600. Kila mwaka gharama ni milioni 72, unalipa milioni 72, na deni linabaki milioni 600 mpaka siku ya ukombozi. Kama mlilipa wakili na ada nyingine milioni 12 ili kutoa hisa hizi, usizipeleke kwenye gharama za utawala. Zinapunguza deni la mwanzo liwe milioni 588, na riba halisi inapanda kufika takriban asilimia 12.56, hivyo deni linapanda polepole mpaka lifike 600 mwaka wa tano.

Njia ya pili, gawio ni la hiari. Unajiuliza: mtu anayeahidiwa milioni 600 baada ya miaka mitano, bila chochote katikati, angetoa kiasi gani leo?

600,000,000 ÷ 1.12^5 = 340,456,000 (kwa kukaribisha)

Hilo ndilo deni la siku ya kwanza. Kilichobaki, 259,544,000, ni mtaji. Angalia mpangilio: deni hupimwa kwanza, na mtaji hupata masalia. Ukianza kwa kukadiria thamani ya mtaji na kuacha masalia yawe deni, umekosea hata kama namba zinakaribiana.

Deni hilo halikai palepale. Linakua kwa asilimia 12 kila mwaka, na ukuaji huo ni gharama ya fedha kwenye taarifa ya faida na hasara, ingawa hakuna shilingi iliyotoka benki:

Mwaka 1: gharama 40,855,000, deni mwisho wa mwaka 381,311,000
Mwaka 2: gharama 45,757,000, deni 427,068,000
Mwaka 3: gharama 51,248,000, deni 478,316,000
Mwaka 4: gharama 57,398,000, deni 535,714,000
Mwaka 5: gharama 64,286,000, deni 600,000,000

Na gawio? Bodi ikitangaza milioni 72, zinatoka kwenye faida limbikizwa moja kwa moja, kama gawio la hisa za kawaida. Hazigusi faida ya mwaka. Kosa linalorudiwa sana ni kuandika zote mbili kwenye gharama, ukuaji wa deni na gawio, na mwaka wa kwanza kampuni inaonekana imelipia fedha zilezile milioni 112.855. Ukiona gharama ya hisa za upendeleo inazidi kwa mbali asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba, tafuta hapo kwanza. Siku ya ukombozi unalipa milioni 600 dhidi ya deni. Ile sehemu ya mtaji ya milioni 259.5 haiendi kwenye faida. Inabaki ndani ya mtaji, na unachoweza ni kuihamisha tu kutoka mstari mmoja wa mtaji kwenda mwingine.

Kwa kitabu chako cha sasa, ambako milioni 600 ziko mtaji na, nikichukulia gawio la mwaka huu limeshalipwa, milioni 72 zimepunguzwa kwenye faida limbikizwa, masahihisho yakiwa ni deni zote ni haya:

Debiti Mtaji wa hisa za upendeleo 600,000,000
Krediti Hisa za upendeleo (deni la muda mrefu) 600,000,000

Debiti Gharama za fedha 72,000,000
Krediti Faida limbikizwa 72,000,000

Ikiwa ni za mchanganyiko, debiti ya kwanza ni 340,456,000 tu, ingizo la pili halipo, na badala yake unadebiti gharama za fedha 40,855,000 na kukrediti deni. Kama kampuni ilikuwa inaonyesha faida ya milioni 90 kabla ya kodi, kwa njia ya kwanza inabaki 18, na kwa njia ya pili inabaki takriban 49. Ndiyo maana sikutaka ukubali "ni deni" bila kuuliza "kiasi gani".

Bado kuna benki, na kwa kiwanda cha korosho hapa ndipo panapoumiza, kwa sababu fedha za kununua ghafi msimu wa mnada kwa kawaida ni za mkopo. Tuseme hisa za kawaida na faida limbikizwa jumla ni milioni 600, na benki inawadai milioni 900, kwa sharti kwamba madeni yasizidi mara mbili ya mtaji. Hisa za upendeleo zikiwa mtaji, uwiano ni 900 kwa 1,200, yaani 0.75, na kila mtu analala. Zikigawanywa, ni 1,240 kwa 860, takriban 1.44, bado mko ndani. Zikiwa deni zote, ni 1,500 kwa 600, yaani 2.5, na sharti limevunjika. (Hizo ni namba za siku ya kwanza, matokeo ya mwaka yatazisogeza kidogo.)

Sharti likivunjika kwenye siku ya kufunga hesabu au kabla yake, na mkataba ukaipa benki haki ya kudai fedha yake mara moja, mkopo wa muda mrefu unahamia kwenye madeni ya muda mfupi, milioni 900 kwa mpigo. Barua ya msamaha kutoka benki inasaidia tu ikiwa imetolewa kabla ya mwaka kuisha na inawapa angalau miezi kumi na miwili kutoka siku ya kufunga hesabu. Iliyokuja wiki mbili baadaye unaitaja kwenye maelezo ya hesabu, lakini haibadilishi mizania. Kwa hiyo kama mwaka wenu haujaisha, jambo la kwanza kesho asubuhi ni kusoma mkataba wa benki uone unavyofasiri "mtaji". Mingine inahesabu hisa za upendeleo kama mtaji kwa makubaliano yake yenyewe, bila kujali IAS 32, na hofu yote hii inaisha kwa aya moja.

Kuhusu kodi nitasema kifupi. Mstari wa "gharama za fedha" kwenye hesabu haufanyi malipo hayo kuwa riba mbele ya TRA. Kodi inasomwa kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 na kwa maana zake yenyewe, na kwa sheria ya kampuni hayo bado ni malipo kwa mwanahisa. Usipunguze milioni 72 kwenye ritani kwa kufuata hesabu tu. Ziandike kwenye mchanganuo wa kodi kama jambo la kuamuliwa, umpe mshauri wenu wa kodi mkataba wenyewe badala ya muhtasari.

Mkurugenzi atauliza kama masharti yanaweza kubadilishwa. Yanaweza, kwa ridhaa ya mwekezaji, azimio la wanahisa, na mabadiliko ya katiba kupelekwa BRELA. Badiliko dogo lenye uzito ni kufuta kile kipande cha kulipa magawio ya nyuma siku ya ukombozi na kuipa bodi hiari kamili ya gawio. Kubwa zaidi ni kugeuza ukombozi uwe hiari ya kampuni. Hilo pamoja na gawio la hiari linarudisha zote kwenye mtaji, ila sioni mwekezaji mwenye akili timamu akilikubali bila kuomba kitu kingine, na kitu hicho kingine ndicho utakachopaswa kukisoma kwa makini. Akiomba, kwa mfano, hisa zake zigeuzwe kuwa hisa za kawaida za thamani ya milioni 600 kwa bei ya siku hiyo, umerudi ulikotoka. Idadi ya hisa haijulikani, thamani ndiyo iliyofungwa, na kiwango kinaliita hilo deni linalolipwa kwa hisa badala ya fedha. Ikiwa ni hisa 60,000 za kawaida, si zaidi wala pungufu, hiyo ni hadithi nyingine, na ni mtaji. Kwa vyovyote, badiliko lililotiwa saini baada ya mwaka kuisha haligusi hesabu za mwaka huo.

Mkikaa mezani kuzungumza na mwekezaji, tazama pia tarehe ya ukombozi. Ikiangukia Oktoba au Novemba, milioni 600 zinatakiwa wakati uleule ambao fedha yenu yote iko mnadani ikinunua korosho ghafi. Isogezeni mpaka miezi ambayo korosho zimekwisha kubanguliwa na kuuzwa. Na kumbuka kwamba ikifika siku ya kufunga hesabu huku imebaki miezi kumi na miwili au pungufu kabla ya ukombozi, deni lote la hisa hizo linahamia kwenye madeni ya muda mfupi, liwe lilianza na 600 au na 340.

Kwa mkaguzi peleka vitu vitatu: nakala ya kifungu cha ukombozi na cha gawio kutoka katiba na kutoka mkataba, karatasi moja inayoonyesha nani anaamua gawio na limbikizo linaishia wapi, na ushahidi wa riba uliyotumia. Kama katiba na mkataba vinapingana, mwombe wakili wenu aandike kipi kinatawala kabla hujapiga hesabu yoyote.